Tagi imewekwa, Google Ads iko kimya: kutafuta kosa ndani ya Google Tag Manager

Nitatumia mfano wa nyumba ndogo ya wageni kule Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Tovuti yao ni ya WordPress. Mgeni anayetaka kuulizia chumba ana njia mbili: kitufe cha WhatsApp kinachoelea pembeni ya skrini, na fomu iliyotengenezwa kwa plagini ya Contact Form 7. Wanalipia matangazo ya Google Ads na wanataka kujua ni tangazo lipi linaloleta maulizo. Fundi aliyejenga tovuti hapatikani tena, kwa hiyo tagi zote zinawekwa kwa Google Tag Manager bila kugusa faili za tovuti.

Tagi ni kipande cha msimbo kinachopeleka taarifa kwenye akaunti ya matangazo. Triga ni sharti linaloamua tagi iwake lini. Kontena ndilo linalobeba vyote, na namba yake huanza na `GTM-`. Taarifa ikikosekana, kosa liko katika moja ya sehemu tatu: kontena halijafika kwenye ukurasa, triga haijawasha tagi, au tagi imewaka lakini Google Ads haijaipokea au haijaihesabu. Kagua kwa mpangilio huo. Watu wengi huanza na ya tatu kwa sababu ndiko wanakoona sifuri, wakabadilisha mipangilio ya Google Ads siku nzima ilhali kontena lenyewe halipo kwenye tovuti.

Preview inakataa kuunganika

Ukibonyeza Preview, kitufe cha majaribio ndani ya Tag Manager, unaandika anwani ya tovuti kisha unabonyeza Connect. Tovuti inafunguka kwenye dirisha au kichupo kingine, na kichupo cha Tag Assistant kinabaki nyuma kikionyesha kila kinachotokea. Ikishindikana, usirudierudie Connect. Fungua tovuti kwa kawaida, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuona msimbo wa ukurasa, kisha tafuta `GTM-`.

Usipoona kitu, kontena halijawekwa, au umeliweka lakini plagini ya kache bado inawapa watu nakala ya zamani ya ukurasa. Safisha kache, kisha tazama tena. Ukiona namba, isome herufi kwa herufi na ulinganishe na ile iliyo juu ya dirisha lako la Tag Manager. Kule Paje namba ilikuwepo, ila ilikuwa ya kontena lililofunguliwa na wakala aliyewafanyia matangazo zamani. Wangeweza kurekebisha kontena lao jipya mwaka mzima na tovuti isingejua.

Kama namba ni sahihi, mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi. Kontena jipya ambalo halijawahi kuchapishwa hata mara moja halina faili ya kupakua, hivyo lichapishe likiwa tupu kisha urudi kwenye Preview. Kizuia matangazo kwenye kivinjari chako kinaweza kulifungia nje. Jaribu kwa kivinjari kisicho na kiongezo chochote. Pia kuna tovuti zinazoelekeza mgeni kwenye anwani nyingine na njiani zinadondosha alama ya `gtm_debug` ambayo Tag Assistant huiongeza mwishoni mwa anwani. Hapo andika moja kwa moja anwani ile ya mwisho, yaani yenye `https` na `www` kama tovuti inazitumia.

Sababu moja inafichika zaidi. Plagini za kuharakisha tovuti huwa na chaguo la kuchelewesha JavaScript mpaka mgeni aguse skrini au asogeze kipanya. Dalili yake ni kwamba Preview inakwama, halafu ukisogeza ukurasa kidogo tu inaunganika. Wengi hufurahi kuwa imekubali na kuendelea na kazi. Lakini maana yake ni kwamba mgeni anayefungua ukurasa na kuondoka bila kugusa chochote haonekani kabisa, na hata wa kawaida anaandikwa kwa kuchelewa. Ingia kwenye mipangilio ya plagini hiyo, uongeze `gtm.js` na `googletagmanager.com` kwenye orodha ya vitu visivyocheleweshwa.

Nimebonyeza kitufe cha WhatsApp, tagi haijawaka

Hapa ndipo Preview inapolipa. Upande wa kushoto wa Tag Assistant kuna orodha ya matukio: Consent Initialization, Initialization, Container Loaded, DOM Ready, Window Loaded, kisha matukio ya mgeni kadiri anavyobonyeza. Bonyeza kitufe cha WhatsApp kwenye tovuti ukiwa umeshikilia Ctrl, au Cmd kwa Mac, ili WhatsApp ifunguke pembeni na ukurasa wako ubaki palepale. Kisha rudi uangalie kama kuna mstari mpya kushoto.

Tuseme hakuna mstari wowote. Kwanza jua kwamba Tag Manager haisikilizi mibonyezo mpaka uwe na angalau triga moja ya aina hiyo. Kama huna triga ya Click - Just Links, tukio la Link Click halitaonekana kamwe. Kama huna ya Click - All Elements, la Click halitaonekana. Kwa hiyo unapochunguza, tengeneza triga ya All Elements isiyo na sharti lolote, hata kama haijafungwa kwenye tagi yoyote, kisha fungua Preview upya. Ikiwa hata hapo kitufe kiko kimya, huenda kimo ndani ya fremu iliyoletwa kutoka tovuti nyingine, na kontena lako halioni kinachotokea ndani ya fremu hiyo. Badilisha kitufe, tumia kiungo cha kawaida.

Sasa tuseme mstari upo lakini tagi iko chini ya Tags Not Fired. Bonyeza mstari huo wa tukio kwanza, halafu bonyeza jina la tagi. Utaona masharti ya triga, kila moja likiwa na alama ya tiki ya kijani au msalaba mwekundu. Msalaba ndio jibu lako. Kisha nenda sehemu ya Variables uone thamani halisi iliyopatikana wakati huo. Usikisie, thamani imeandikwa pale.

Triga ya Paje ilikuwa All Elements yenye sharti kwamba Click URL contains `wa.me`. Mara nyingine iliwaka, mara nyingine ikakataa, na mwenye nyumba akaamini Tag Manager ina mapepe. Kwenye Variables, mbonyezo uliokataa ulikuwa na Click URL tupu. Ndani ya kiungo kulikuwa na picha ya SVG ya alama ya WhatsApp pamoja na maandishi. Triga ya All Elements inachukua kile kitu hasa kilichoguswa na kidole. Ukigusa ukingo wa kitufe, umegusa kiungo, na anwani ipo. Ukigusa ile alama katikati, umegusa picha, na picha ya SVG haina anwani. Triga ya Just Links hupanda kutoka kwenye picha hadi kwenye kiungo kilichoibeba, hivyo tulibadilisha aina ya triga tu na tatizo likaisha.

Tulipokuwa hapo tukagundua kwamba kiungo kilichoko chini kabisa ya ukurasa hakitumii `wa.me` bali `api.whatsapp.com`. Badala ya kutengeneza triga ya pili, badilisha kipimo cha sharti kiwe matches RegEx na uandike:

```
wa\.me|api\.whatsapp\.com
```

Kuna vitufe vya WhatsApp ambavyo si viungo hata kidogo. Plagini huchora kisanduku, na JavaScript ndiyo inayofungua WhatsApp kikibonyezwa. Just Links haitakiona. Rudi kwenye All Elements, uweke sharti la Click Element matches CSS selector, ukitumia jina la darasa la kisanduku hicho. Jina hilo utalipata kwenye Variables, mstari wa Click Classes. Kama darasa ni `wa-kitufe`, andika hivi:

```
.wa-kitufe, .wa-kitufe *
```

Sehemu ya pili, yenye nyota, ndiyo inayokamata alama na maandishi yaliyomo ndani. Ukiisahau, unarudi kwenye mapepe yaleyale. Na kama Click URL au Click Classes hazionekani kabisa kwenye Variables, hujaziwasha: nenda Variables ndani ya kontena, bonyeza Configure, uziwekee tiki.

Binafsi sipendi triga inayotegemea Click Text. Leo kitufe kinasema "Tuandikie WhatsApp", kesho mwenye nyumba anabadilisha kuwa "Uliza nafasi", na kesho kutwa anaongeza ukurasa wa Kitaliano. Kila badiliko linaua triga bila kelele. Hata herufi kubwa na ndogo zina uzito: contains ya Tag Manager haichukulii "whatsapp" na "WhatsApp" kuwa kitu kimoja.

Fomu imetumwa, tukio halionekani. Au linaonekana hata fomu ikikataliwa

Dalili hizi mbili ni za ugonjwa mmoja. Triga ya Form Submission inasikiliza kitendo cha kawaida cha kivinjari cha kutuma fomu na kuhamia ukurasa mwingine. Contact Form 7 haihami. Inazuia kitendo hicho, inatuma taarifa kimyakimya, kisha inaonyesha ujumbe palepale chini ya fomu. Ukiwa umeweka tiki kwenye Check Validation, Tag Manager inaona kitendo kimezuiwa na inahitimisha kwamba fomu haikutumwa, hivyo tagi haiwaki kamwe. Ukiondoa tiki, tagi inawaka kila mtu anapobonyeza Tuma, hata aliyeacha barua pepe wazi na kuonyeshwa ujumbe mwekundu. Hali ya kwanza inakupa sifuri. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu inakupa namba nzuri zisizo na maulizo nyuma yake, na Google Ads itaanza kuwatafuta watu wa namna hiyo.

Contact Form 7 yenyewe hutoa tangazo ndani ya kivinjari pale barua inapotoka salama. Tangazo hilo linaitwa `wpcf7mailsent`. Tengeneza tagi ya Custom HTML, uipe triga ya All Pages, ndani yake ubandike:

```html
<script>
document.addEventListener('wpcf7mailsent', function (e) {
  window.dataLayer = window.dataLayer || [];
  window.dataLayer.push({
    event: 'fomu_imetumwa',
    fomu_id: e.detail.contactFormId
  });
});
</script>
```

Kisha tengeneza triga ya aina ya Custom Event yenye jina `fomu_imetumwa`, herufi zilezile, bila nafasi mwishoni. Hii ndiyo triga ya tagi yako ya Google Ads. Nafasi moja iliyobandikwa kwa bahati mbaya baada ya neno inatosha kuizuia, na kwa macho huioni.

Jaribu kwa njia mbili. Kwanza acha barua pepe wazi na ubonyeze Tuma: `fomu_imetumwa` isionekane kushoto. Kisha jaza kila kitu na utume: ionekane mara moja. Ikiwa umejaza vizuri na bado haionekani, soma ujumbe ulio chini ya fomu kabla ya kulaumu triga. Contact Form 7 ikishindwa kutuma barua hutoa `wpcf7mailfailed`, siyo `wpcf7mailsent`. Hapo kilichokufa ni utumaji wa barua kwenye seva, na maulizo ya wageni yamekuwa yakipotea pengine kwa muda mrefu. Hilo ni la kumpigia simu anayekuuzia nafasi ya seva, leo.

Preview ni safi, wageni wa kweli hawaonekani

Hujachapisha. Preview inaonyesha rasimu yako kwako peke yako. Bonyeza Submit, hakikisha umechagua Publish and Create Version, uandike maneno mawili matatu ya kueleza ulichobadilisha, kisha Publish. Ukikosea, ingia Versions uchapishe toleo la nyuma. Tovuti inarudi ilivyokuwa ndani ya dakika chache. Kama kitufe cha Publish hakipo, akaunti yako haijapewa ruhusa hiyo na lazima umwombe mwenye kontena.

Tagi imewaka, Google Ads bado inaonyesha sifuri

Kwanza namba. Tagi ya Google Ads Conversion Tracking inahitaji Conversion ID na Conversion Label, na zote mbili zinapatikana ndani ya Google Ads kwenye konvasheni husika, chini ya maelekezo ya Tag Manager. Konvasheni ni kitendo ulichoamua kukihesabu. Kwa Paje ni fomu kutumwa na WhatsApp kubonyezwa, kila kimoja na Label yake. ID ni moja kwa akaunti nzima, Label hutofautiana. Ukiweka Label ya fomu kwenye tagi ya WhatsApp, kila kitu kitawaka vizuri na ripoti itakuwa uongo.

Halafu kuna jambo ambalo wanaojaribu husahau: Google Ads haihesabu kila kitendo, inahesabu kitendo cha mtu aliyetoka kwenye tangazo. Wewe uliyefungua tovuti kwa kuandika anwani hutoki kwenye tangazo, hivyo majaribio yako hata yakiwa mengi kiasi gani hayataingia kwenye ripoti. Wala usibonyeze tangazo lako mwenyewe, utalipia. Unachoweza kupima ni kama alama ya tangazo inahifadhiwa. Google Ads ikiwa na auto-tagging, kila mbonyezo wa tangazo huongeza `gclid` kwenye anwani. Igize hivi, ukiweka anwani yako:

```
https://www.example.com/?gclid=jaribio123
```

Ukurasa ukishafunguka, bonyeza F12, nenda Application, kisha Cookies, utafute kuki iitwayo `_gcl_aw`. Ndani yake kuwe na `GCL`, namba ya muda, na mwishoni `jaribio123`. Ikiwepo, upande huu ni mzima. Isipokuwepo, angalia juu kwenye anwani. Kama `gclid` imepotea, tovuti inamwelekeza mgeni kwingine na kuidondosha njiani. Weka kwenye tangazo ile anwani ya mwisho badala ya ile inayoelekezwa. Kama `gclid` bado ipo na kuki haipo, tazama kama una tagi ya Conversion Linker, ile inayohifadhi `gclid` kwenye kuki, yenye triga ya All Pages. Kuiweka kwenye ukurasa wa fomu pekee hakutoshi, kwa sababu mgeni hutua kwenye ukurasa wa mbele, na `gclid` huwa kwenye anwani ya ukurasa aliotua.

Kwa biashara ya Paje kuna sababu nyingine. Wageni wengi hutoka Ulaya, na tovuti ina bango la kuomba ridhaa ya kuki. Katika Preview, chagua tukio kisha ufungue Consent. Ukiona `ad_storage` ni Denied hata baada ya kubonyeza Kubali, bango na Tag Manager havizungumzi: mgeni amekubali, lakini jibu lake halijafikishwa. Hapo tagi ya Google inaweza kuonekana imewaka, lakini haiandiki kuki. Plagini nyingi za bango zina swichi ya kuunganisha na Google Consent Mode. Iwashe, ufute kuki, uanze jaribio upya kama mgeni wa mara ya kwanza. Usitatue kwa kuondoa bango, kwani tangu Machi 2024 Google inadai ishara ya ridhaa kwa watu walio katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya ili data zao zitumike katika kupima na kulenga matangazo.

Vyote vikiwa sawa na bado namba haitulii, huenda hakuna kosa. Ripoti huchelewa saa kadhaa. Pia safu ya kawaida ya Conversions huandika kitendo kwenye tarehe ya mbonyezo wa tangazo, siyo tarehe ya kitendo. Mgeni aliyebonyeza Jumatatu akatuma fomu Ijumaa ataonekana Jumatatu, nawe unaangalia Ijumaa ukiona sifuri. Ongeza safu ya Conversions (by conv. time). Na kama konvasheni imewekwa kuwa Secondary, kwa kawaida haitaingia kwenye Conversions. Itakuwa kwenye All conv. tu.

Namba ni kubwa kupita maulizo

Linganisha na simu ya mapokezi. Wakipokea maulizo manne na Google Ads inasema tisa, anza na triga zilizofungwa kwenye tagi. Triga mbili kwenye tagi moja zina maana ya "hii au ile", wakati masharti mawili ndani ya triga moja yana maana ya "hii na ile". Mtu huongeza All Pages ili "kuhakikisha inawaka", na kuanzia hapo kila ukurasa unaofunguliwa unakuwa konvasheni.

Kisha tafuta msimbo wa zamani. Kwenye Tag Assistant, ukiona tukio moja la fomu limetuma konvasheni mara mbili na ndani ya kontena tagi imewaka mara moja, ile nyingine imeandikwa moja kwa moja kwenye tovuti. Angalia sehemu ya mandhari ya WordPress inayopokea msimbo wa juu wa ukurasa, na plagini zenye kisanduku cha namba ya Google Ads inayoanza na `AW-`. Ondoa huko, bakiza Tag Manager. Kwa Meta Pixel, yaani tagi ya matangazo ya Facebook na Instagram, tatizo ni hilohilo, na kiongezo cha Meta Pixel Helper kitakuonyesha tukio moja likijirudia.

Mgeni anayebonyeza WhatsApp mara tatu kwa sababu mtandao wake unasuasua ni mtu mmoja, siyo maulizo matatu. Kwa konvasheni za maulizo, fungua mipangilio yake ndani ya Google Ads, na kwenye Count uchague One badala ya Every. Hata hivyo WhatsApp itaendelea kuizidi simu ya mapokezi kidogo, kwa sababu kilichopimwa ni kubonyeza kitufe, na wapo wanaofungua WhatsApp wakaondoka bila kuandika neno. Ndiyo maana pale Paje fomu iliwekwa Primary na WhatsApp ikabaki Secondary.